Fahamu: Kulaza shamba, matandazo na kilimo mchanganyiko

Kijana aliyerithi ekari 3 Buseresere akiambiwa alaze shamba, yaani aliache misimu kadhaa bila kulima ili rutuba irudi, ana haki ya kuuliza atakula nini. Usukumani kupumzisha ardhi si jambo geni: ngitili, malisho yanayofungwa kwa ajili ya kiangazi, zilifufuliwa Shinyanga na mradi wa HASHI ulioanza 1986. Lakini ngitili hutaka nafasi. Kwa ekari 3, naona afadhali kulaza kipande kidogo kwa zamu na kwingine kuchanganya mahindi na mbaazi. Mbaazi hukua polepole mwanzoni, kwa hiyo haziyanyimi mahindi mwanga. Mahindi yakishavunwa ndipo mbaazi hutanuka, na majani yake yanayopukutika huurudishia udongo naitrojeni iliyonaswa hewani na bakteria wa mizizini. Mabua nayo yalazwe chini yawe matandazo, yazuie jua kukausha udongo na mvua kuuchukua.

Utaambiwa mchwa watayamaliza. Watakula sehemu, ni kweli, lakini kikwazo kikubwa zaidi ni ng'ombe wanaoachiwa mashamba baada ya mavuno. Usipoelewana mapema na wafugaji, watakula mabua pamoja na mbaazi ambazo bado zimesimama.