Kompyuta Inayojizima Ovyo, Sehemu ya Pili: Kukikamata Kijiti Kibovu cha RAM

Katika sehemu ya kwanza tuliondoa shaka mbili: joto la prosesa na ubovu wa diski. Mashine tunayoifuatilia ni ya ofisi ndogo ya uhasibu mjini Morogoro, ina vijiti viwili vya RAM aina ya DDR4, kila kimoja GB 8, na bado inajizima. Siku moja skrini ya bluu husema `MEMORY_MANAGEMENT`, kesho yake `IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL`, keshokutwa `PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA`. Katikati ya hayo kivinjari hufungika chenyewe, na faili lililokataa kufunguka asubuhi hufunguka mchana bila mtu kuligusa.

Kubadilika huko kwa ujumbe ndiko kunakonifanya niitazame RAM. Tatizo likiwa ni draiva mbovu, aghalabu ujumbe hujirudia uleule na jina la faili hutajwa lilelile. Kijiti kibovu hakichagui. Kila programu inayowashwa hupangiwa nafasi yake katika RAM, na ile itakayoangukia kwenye sehemu iliyooza ndiyo itakayoanguka. Leo ni kivinjari, kesho ni Windows yenyewe.

Mashine hii ilikuwa imeshapigwa Windows upya mara mbili kabla ya kunifikia. Naliona jambo hili kila mara, na linanisikitisha, kwa sababu linaongeza madhara. Mafaili yote ya Windows hupita kwenye RAM kabla ya kuandikwa kwenye diski. RAM ikiwa inageuza biti, unajaza diski safi mafaili yaliyoharibika, na wiki ijayo utahangaika na dalili mpya ambazo hazikuwapo.

Kwa hiyo kipimo cha RAM kinapaswa kufanyika Windows ikiwa haijawaka kabisa. Kuna sababu ya pili pia. Mfumo endeshi ukiwa umewaka, wenyewe umekalia sehemu kubwa ya RAM, na hakuna programu inayofanya kazi ndani yake inayoruhusiwa kuandika juu ya sehemu hizo. Ubovu ukiwa hapo, hutauona. Chombo kinachowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi hukuta karibu RAM yote iko wazi. Chenyewe ni kidogo mno, na hujihamisha kutoka mahali pamoja hadi pengine ili hata pale kilipokuwa kimekaa papimwe.

Ninachotumia mimi ni Memtest86+. Asili yake ni programu ya Chris Brady ya mwaka 1994. Samuel Demeulemeester akaiendeleza kwa jina hili jipya mwaka 2004. Toleo la 6, lililotoka mwaka 2022, liliandikwa upya na kuweza kuwaka kwenye mashine za kisasa za UEFI. Ni ya bure, na tovuti yake ina programu ya Windows inayoiweka kwenye flashi kwa hatua chache. Mwenye Debian au Ubuntu hahitaji hata flashi. Baada ya amri hizi itaonekana kwenye orodha ya kuwashia:

```
sudo apt install memtest86+
sudo update-grub
```

Kabla ya kuwasha, mambo mawili. Mashine nyingi hukataa kuiwasha mpaka uzime Secure Boot ndani ya BIOS. Lakini kama diski imefungwa kwa BitLocker, kuzima huko kunaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa kurejesha utakapoiwasha tena, kwa hiyo hakikisha mwenye mashine anao mkononi kwanza. Pili, rudisha mwendo wa RAM kwenye kiwango chake cha kawaida. Baadhi ya vijiti huuzwa vikiwa na wasifu wa XMP unaovisukuma kwenda kasi zaidi, na ukipata makosa XMP ikiwa imewashwa hutajua kama kijiti kimekufa au kimekimbizwa kupita uwezo. Mashine ya Morogoro haikuwa na XMP.

Na usifungue kasha bado. Najua mazoea ya mafundi wengi: kuchomoa RAM, kusugua meno yake kwa kifutio, kuichomeka, na kumwambia mteja ajaribu. Mara nyingine husaidia kweli, kwa kuwa meno yenye kutu au vumbi hayashiki vizuri. Shida ni kwamba ukisugua kabla ya kupima umeufuta ushahidi. Mashine ikitulia siku tatu, hujui kama ulikuwa uchafu au kijiti kinapumzika tu kabla ya kurudia mchezo. Kasha likiwa limefungwa, joto la ndani pia hubaki lile la kazi za kila siku, na vipo vijiti vinavyokosea pale tu vinapopata joto.

Kipimo chenyewe kinaeleweka kwa urahisi. Programu huandika mpangilio fulani wa biti kwenye RAM yote, kisha huusoma tena na kulinganisha. Halafu huugeuza, sifuri kuwa moja na moja kuwa sifuri, na kusoma upya, mara ikipanda na mara ikishuka. Mipangilio hubadilika kutoka kipimo hadi kipimo, kwa sababu zipo seli zinazokosea pale tu jirani zake zinapobeba thamani fulani. Kipimo cha mwisho huandika kisha hukaa dakika kadhaa bila kugusa kitu, kuona kama kuna biti itakayofifia yenyewe.

Kwenye mashine yetu, mistari myekundu ilianza kutokea kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha. Mmoja wao ulisomeka hivi:

```
Address:  0002f4a1c8d8 (11.8GB)
Expected: 0404040404040404
Found:    0404040400040404
```

Hebu tuusome polepole. Mstari wa kati ndicho kilichoandikwa, wa chini ndicho kilichosomwa. Tofauti iko katika baiti moja tu: 04 imekuwa 00. Ukihesabu biti kutoka kulia ukianzia sifuri, iliyodondoka ni biti ya 26. Mistari iliyofuata ilikuwa na anwani nyingine zilizokaribiana na hiyo, lakini biti iliyokosea ilikuwa ileile ya 26, na kila mara ilipaswa kuwa moja ikasomwa sifuri.

Hapo kuna habari nyingi. Kijiti cha kawaida cha aina hii hupeleka biti 64 kwa pamoja, na mara nyingi kazi hiyo hugawanywa kwa chipu nane, kila moja ikibeba biti nane. Biti ileile ikikosea katika anwani chache zinazokaribiana, ninaelekeza kidole kwenye seli zilizokufa ndani ya chipu moja. Kama biti hiyo ingekosea kwenye RAM nzima, ningefikiria jino lisiloshika vizuri au solda iliyoachia. Na kama biti za kila namna zingekosea huku na huku bila mpangilio, nisingekuwa na haraka ya kulaumu RAM. Ningeangalia umeme unaotoka kwenye pawasaplai, mwendo wa RAM, na hata prosesa, kwa maana kidhibiti cha RAM siku hizi kimo ndani yake.

Sasa mtego unaowanasa wengi. Skrini imesema GB 11.8, na vijiti ni viwili vya GB 8. Mtu husema: kijiti cha kwanza kinaishia kwenye 8, kwa hiyo mbovu ni cha pili, hukichomoa na kukitupa. Hesabu hiyo si sahihi. Vijiti viwili vinapofanya kazi katika chaneli mbili, bodi mama haijazi kimoja ndipo ihamie kingine. Huvigawia data kwa zamu, kipande huku na kipande kule, ili vyote viwili visomwe kwa wakati mmoja. Anwani ya 11.8 inaweza kuwa kwenye kijiti chochote kati ya hivyo viwili.

Ndiyo maana ushahidi wa kutosha hupatikana kwa kutenganisha. Sasa kasha likafunguliwa, waya wa umeme ukiwa umechomolewa. Nilivitia vijiti alama kwa karatasi ya gundi, A na B, nikaacha A peke yake katika sloti ambayo kitabu cha bodi mama kinasema itumike kijiti kikiwa kimoja. Kikapimwa usiku kucha, hakuna kosa hata moja. Kisha nikakitoa na kuweka B katika sloti ileile. Makosa yalirudi ndani ya mzunguko wa kwanza: biti ya 26 tena, ingawa anwani sasa ilikuwa kwenye GB 6 na ushee, kwa kuwa mgawanyo wa chaneli mbili haupo tena.

Wengi huishia hapo, nami nawashauri waongeze kipimo kimoja. B ilihamishiwa kwenye sloti nyingine, na kosa likaifuata. A ilipowekwa humo humo, ikapita. Ndipo sloti zote mbili zikatoka katika orodha ya washukiwa, na pamoja nazo prosesa na pawasaplai, maana vyote hivyo viliihudumia A bila tatizo. Kama kosa lingebaki kwenye sloti bila kujali kijiti kilichomo, bei ya matengenezo ingekuwa nyingine kabisa.

Kuhusu muda: kosa moja tu linatosha kukikataa kijiti, wala hakuna haja ya kusubiri mzunguko uishe. Kukiondolea kijiti shaka ndiko kunakohitaji subira. Mzunguko kamili wa GB 16 unaweza kula saa moja, mbili au zaidi, na wa kwanza hufanywa kwa ufupi, kwa hiyo kupita mzunguko mmoja hakumaanishi sana. Acha ifanye kazi usiku mzima, mashine ikiwa kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika unaanza upya. Na hata baada ya usiku mzima bila kosa, unachoweza kusema ni kwamba ubovu haukuonekana. Kijiti kinachokosea mara moja kwa wiki kinaweza kupita.

Kwenye laptopu ambazo RAM imesolderiwa kwenye bodi, kubadilishana sloti hakuwezekani. Anayetumia Linux anaweza kuiagiza GRUB iziruke anwani mbovu kupitia mpangilio wa `GRUB_BADRAM`, mradi ziwe chache na zisiongezeke. Ni nafuu ya muda.

Kijiti B kilibadilishwa, na kijiti kipya kikapimwa pamoja na A kabla Windows haijawashwa. Kisha nikaendesha amri hii ili Windows ikague na kurekebisha mafaili yake:

```
sfc /scannow
```

Amri hiyo haigusi kazi za ofisi. Jedwali la hesabu lililohifadhiwa wakati biti ya 26 inadondoka linaweza kufunguka vizuri kabisa huku tarakimu moja imebadilika, na nakala zilizochukuliwa katika wiki hizo zinabeba kosa hilohilo. Mhasibu alirudi kwenye nakala ya mwisho iliyotangulia skrini ya kwanza ya bluu, na maingizo yote ya baada ya hapo akayalinganisha na stakabadhi za karatasi, moja baada ya nyingine.