Ijumaa ya Malipo ni Tarehe Ngapi?

"Pesa utapata Ijumaa ijayo." Akiambiwa hivyo siku ya Jumatatu, fundi mmoja atahesabu siku nne. Mwenzake atahesabu kumi na moja, maana kwake ile ya karibu ni "Ijumaa hii", na "ijayo" ni ya juma linalofuata. Wote wawili Kiswahili chao hakina kasoro. Ndiyo maana karani mzoefu haandiki "Ijumaa ijayo" kwenye hati ya malipo, anaandika tarehe.

Kuipata tarehe hiyo kwa kichwa si kazi ngumu, kwa sababu majina yetu ya siku yamebeba namba. Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, na kuendelea hadi Jumatano, ya tano. Hapo majina ya Kiarabu yanapokea. Alhamisi maana yake pia ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, hivyo juma letu lina tano mbili zilizofuatana! Kwa hesabu yetu, Alhamisi inakaa nafasi ya sita na Ijumaa inafunga ya saba.

Basi ukiitafuta Ijumaa, toa namba ya siku uliyonayo kwenye 7. Tuseme chama cha wafugaji hulipa maziwa kila Ijumaa, na mfugaji amepeleka maziwa Jumatatu, tarehe 27 Aprili 2026. Jumatatu ni 3, saba kutoa tatu ni siku 4. Ishirini na saba na nne ni 31, lakini Aprili ina siku 30, kwa hiyo malipo yanaangukia tarehe 1 Mei. Kwa siku nyingine, badili ile 7 uweke namba ya siku unayoitaka, na jibu likiwa chini ya sifuri ongeza 7. Kutoka Ijumaa hadi Jumatano ni 5 kutoa 7, yaani hasi 2. Ongeza 7, upate siku 5.

Karani mwenye wafugaji mia mbili hatahesabu kwa vidole. Katika Excel, tarehe ya kupokea maziwa ikiwa kwenye seli A2, ataandika hivi kwenye B2:

```
=A2+7-WEEKDAY(A2,16)
```

Hiyo 16, iliyopo tangu toleo la 2010, inaiamuru kompyuta ihesabu juma kuanzia Jumamosi, kama Waswahili. Ukiiacha, itaanzia Jumapili na jibu litakuwa Jumamosi badala ya Ijumaa. B2 ikionyesha 46143 badala ya tarehe, usishtuke: Excel huhifadhi tarehe kama idadi ya siku kuanzia 1 Januari 1900. Badili tu mpangilio wa seli uwe wa tarehe, na 1 Mei 2026 itatokea.

Lakini maziwa yaliyofika Ijumaa yenyewe yalipwe lini? Fomula hiyo inarudisha Ijumaa ileile. Kama chama kimekubaliana kwamba ya leo yasubiri juma zima, utafutaji uanzie kesho:

```
=A2+8-WEEKDAY(A2+1,16)
```

Hilo ni la kuamuliwa kikaoni, si la kompyuta.

Halafu kuna jambo ambalo msomaji huenda ameshaligundua: 1 Mei ni Mei Mosi, na benki zimefungwa. Karani ataorodhesha sikukuu kwenye H2 hadi H20, kisha C2 aandike:

```
=WORKDAY(B2+1,-1,$H$2:$H$20)
```

Fomula inasogea hadi Jumamosi, kisha inarudi nyuma kwenye siku ya kazi iliyo karibu. Inaipata Alhamisi, 30 Aprili. Sikukuu za Idi hutegemea mwezi kuandama, kwa hiyo orodha hiyo haijazwi mara moja ikasahaulika.

Kosa baya kuliko yote halitoki kwenye fomula. Sisi huandika siku kwanza, ila kompyuta nyingi huja zimepangwa Kimarekani, mwezi kwanza. Ukiandika 27/04/2026, kompyuta hiyo haiujui mwezi wa 27. Inayachukulia kama maneno, yanasogea kushoto mwa seli, na fomula inajibu #VALUE!. Hilo utaliona. Andika sasa 05/06/2026 ukimaanisha Ijumaa ya 5 Juni: inasoma 6 Mei, inakupa malipo ya 8 Mei, na hailalamiki hata kidogo. Dawa ni safu moja ya ziada:

```
=TEXT(A2,"dddd")
```

Ikitokea Wednesday pale ambapo daftari la mapokezi linasema Ijumaa, mstari huo usilipwe kabla tarehe haijarekebishwa.