Vikombe vinne vya kunyanyulia kigae

Kigae cha sentimita 60 kwa 60 huwa na uzito wa kilo 8 hivi. Pampu ndogo ya volti 12 hufyonza hewa ndani ya kikombe cha mpira, na hewa ya nje ndiyo inayokandamiza. Ikitoka nusu ya hewa, kikombe chenye kipenyo cha sentimita 5 hubeba kama kilo 10, vinne, 40. Gawanya kwa nne, maana kigae kikisimamishwa wima hushikwa na msuguano tu.

Kati ya pampu na vikombe funga vali ya njia moja, umeme ukikatika kigae kisidondoke papo hapo. Zima pampu, tazama geji: mshale ukirudi haraka, kuna panapovuja, mara nyingi vumbi ukingoni. Usinyanyue kabla hujapafuta.