Kabla ya kununua padi nyengine, tazama skrini

Mtoto wa dada yangu alinijia juzi baada ya Isha, uso umemshuka. "Mjomba, padi imekufa. Nikibonyeza pasi, mchezaji anachelewa kuitoa." Alikuwa ashaanza kuchanga pesa za padi mpya. Nikamuuliza amebadilisha nini kwenye gemu. Akasema ameweka Borderless, ili WhatsApp ikilia atoke haraka.

Shida ilikuwa hapo. Ukiweka Fullscreen ya kweli, gemu huishika skrini peke yake na picha zake huenda moja kwa moja. Ukiweka Windowed, gemu hukaa ndani ya dirisha lenye kingo. Borderless ni dirisha lilo hilo, ila limevuliwa kingo na kutandazwa skrini nzima. Kwa kawaida picha za dirisha hupitia kwanza kwa Windows, izichanganye na vitu vyengine vilivyo kwenye skrini, ndipo zionekane. Kungojea huko mara nyingi ni muda wa picha moja. Kwa skrini ya 60 Hz, ni kama milisekunde 17.

Lakini kilichomuumiza zaidi ni kitu chengine. Kwenye Fullscreen alikuwa akicheza kwa 1280×720. Alipohamia Borderless, gemu ilifuata ukubwa wa skrini yake, 1920×1080. Hizo ni nukta zaidi ya mara mbili za kuchora, na laptopu yake ni ya kawaida tu. Picha zilianguka kutoka 60 kwa sekunde hadi 30, na kila amri ya kidole ikangoja zaidi.

Tulifungua Settings > System > Display, tukaishusha skrini yenyewe hadi 1280×720. Picha zikarudi 60. Kisha, kwa kuwa ana Windows 11, tukaingia Graphics na kuwasha Optimizations for windowed games. Hii huruhusu gemu za DirectX 10 na 11 zikiwa ndani ya dirisha zipunguziwe kule kungojea. Gemu sharti ifungwe na kufunguliwa upya.

Kwani asirudi Fullscreen? Angeweza. Lakini ukubwa wa gemu ukitofautiana na wa skrini, kila ukibonyeza Alt+Tab skrini hubadilisha ukubwa, ikawa nyeusi kwa sekunde kadhaa. Gemu za zamani wakati mwengine huanguka kabisa.

Jina pia lisikuhadae. Siku hizi Windows huweza kuiendesha gemu iliyoandikwa Fullscreen kwa namna ya Borderless. Bonyeza Alt+Tab: skrini ikipepesa na kuwa nyeusi, gemu imeishika peke yake. Ukihama papo hapo bila giza, si Fullscreen ya kweli.

Kwa hivyo, anayecheza mashindano bila kutokatoka, na aweke Fullscreen. Anayeitwa kila dakika, Borderless itamfaa, bora aangalie ukubwa wa picha. Windowed ni ya mwenye kutaka kuona kitu chengine kando.

Padi ya kijana ni ile ile ya zamani, na pasi zinafika.