Harufu ya plastiki inayoungua ndani ya gari: kitu cha kuangalia kwanza ni feni ya hita

Baridi imefika na hita zimewashwa. Kila mwaka kipindi hiki hupata simu ya aina moja: "Dada, gari letu linanuka kama sahani ya plastiki iliyowekwa juu ya jiko. Tuendelee kuliendesha?" Mwaka jana aliyepiga ni baba wa familia ya watu saba, mwenye gari kubwa la familia alilonunua likiwa limeshatumika. Nawaeleza gari lake lilivyokuwa, kwa sababu wengi wenu mna magari ya namna hiyo.

Gari hilo lilikuwa limetoa onyo mapema. Tangu mwezi wa kumi, feni ya hita ilikuwa haifanyi kazi kwenye namba 1, 2 na 3. Ilipuliza kwenye namba 4 tu. Baba aliona si tatizo, maana joto lilikuwa linakuja. Mwezi wa kwanza, asubuhi akiwapeleka watoto shule, harufu ikaanza upande wa miguu ya abiria wa mbele.

Namba 4 ilibaki peke yake kwa sababu hii. Katika magari mengi, feni hupunguzwa mwendo na kifaa kidogo kinachoitwa rezista. Ukiweka namba ndogo, umeme hupitia kwenye rezista, nayo hugeuza sehemu ya umeme huo kuwa joto, ndiyo feni inazunguka polepole. Kwa kuwa inapata moto, imewekwa ndani ya njia ya hewa ili upepo wa feni uipoze. Ukiweka namba ya juu kabisa, umeme hauipiti rezista, unakwenda moja kwa moja kwenye feni. Kwa hiyo rezista ikiungua, namba ndogo zinakufa na ya juu inabaki. Katika magari yenye hita inayojirekebisha yenyewe kuna kifaa cha elektroniki badala yake. Kikiharibika, feni inaweza kufa kabisa, au ikaendelea kuzunguka hata ufunguo ukiwa umetolewa.

Fundi alifungua chini ya kile kisanduku cha kuwekea karatasi, mbele ya abiria. Plagi ya waya zinazoingia kwenye rezista ilikuwa imeyeyuka. Matundu mawili yalikuwa ya kahawia, na waya mmoja ulikuwa mgumu kama kijiti, ganda lake limepasuka. Hiyo ndiyo harufu waliyokuwa wanaisikia.

Baba akauliza swali zuri: "Kwa nini fyuzi haikukatika?" Fyuzi hukatika umeme mwingi kupita kiasi unapopita. Hapa shida ilikuwa kwenye maungio. Vipande vya chuma ndani ya plagi vilikuwa vimelegea na kushika kutu, na umeme ukipita mahali palipolegea hutoa joto papo hapo. Fyuzi hailioni joto hilo. Plagi inaweza kuyeyuka huku fyuzi ikiwa nzima. Ndiyo maana ninawasihi: msiweke kamwe fyuzi ya namba kubwa kuliko iliyoandikwa. Kama imeandikwa 30, weka 30. Ukiweka 40, waya ndio utakaoungua badala ya fyuzi.

Fundi hakuishia kubadilisha rezista. Aliizungusha feni kwa mkono akakuta ni nzito. Majani makavu yalikuwa yameingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, na filta ya hewa ya ndani ilikuwa imeziba. Feni nzito huvuta umeme mwingi, na filta iliyoziba huinyima rezista upepo wa kuipoza. Angeweka rezista mpya peke yake, ingeungua tena. Alibadilisha rezista, plagi na kipande cha waya, feni yenyewe na filta. Kwa magari mengi ya kawaida rezista si ghali, huwa kati ya dola 20 na 60 dukani, lakini mwambieni fundi aangalie na hivyo vingine.

Sasa, harufu ikitokea ukiwa barabarani, fanya hivi. Zima feni, chomoa chaja za simu, washa taa za hatari, kisha simama pembeni mahali salama na uzime injini. Watoto washuke upande usiopitiwa na magari. Kisha tazama na unuse kwa dakika chache.

Harufu ikipungua baada ya kuzima feni, na hakuna moshi, tatizo huenda liko kwenye njia ya feni. Iache feni ikiwa imezimwa, usiiwashe hata kwa majaribio, na umwone fundi kabla ya kulitumia gari kwa shughuli za kila siku. Najua watoto wanasikia baridi. Wafunike blanketi. Lakini bila feni kioo cha mbele hushika ukungu na barafu, na kama huoni vizuri, usiendeshe. Omba gari livutwe.

Harufu ikiwa kali zaidi nje ya gari kuliko ndani, angalia chini. Mara nyingine ni mfuko wa plastiki ulionasa kwenye bomba la moshi.

Kama injini imezimwa, ufunguo umetolewa, na harufu bado inaongezeka, au unasikia feni ikizunguka, huo ndio wakati wa kutoa waya wa betri. Waya kadhaa chini ya dashibodi zina umeme muda wote, hata gari likiwa limezimwa. Njia ya kuzikata zote ni kwenye betri. Usifanye hivyo injini ikiwa inawaka.

Toa waya wa alama ya kutoa (−), mara nyingi mweusi. Kwenye magari mengi spana namba 10 inatosha, nawe iweke moja ndani ya gari leo. Legeza nati, nyanyua klampu, isukume pembeni na uifunge kwa kitambaa kikavu isirudi kugusa. Tunaanza na upande huo kwa sababu umeungwa na bodi ya gari. Ukianza na upande wa kujumlisha (+) na spana ikagusa bodi, cheche kubwa itaruka. Katika baadhi ya magari betri iko nyuma au chini ya kiti, kwa hiyo itafute mapema. Kama gari lako ni haibridi, usiguse waya wowote wa rangi ya machungwa. Na chini ya dashibodi usivute waya wa njano, ni za mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga.

Ukirudisha waya, saa itapotea na redio inaweza kudai namba ya siri. Hilo ni jambo dogo.

Lakini ukiona moshi mzito au mwali, achana na betri. Usifungue boneti, maana hewa itauongezea moto nguvu. Ondokeni wote, msimame mbali, angalau mita 30, na upige 911. Sema neno "Swahili" ili watafute mkalimani, na taja barabara mliyopo. Usirudi kuchukua mkoba wala karatasi. Karatasi tutakusaidia kuziomba upya ofisini.

Leo jioni, jaribuni namba zote za feni, moja hadi ya mwisho. Kama imebaki moja tu inayofanya kazi, mpelekee fundi gari wiki hii, kabla harufu haijaanza.