Dokta Hakukumbuki: Barua Pepe ya Kumwomba Mhadhiri Awe Mdhamini Wako

Mhadhiri anayefundisha darasa la wanafunzi 200, muhula baada ya muhula, hawezi kukumbuka kila sura iliyopita mbele yake. Akipokea ujumbe usemao tu "Naomba uwe mdhamini wangu, nilisoma kwako mwaka 2021", anabaki na njia mbili: anyamaze, au aandike kwamba wewe ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu. Barua hiyo ya pili ndiyo inayomuumiza mwombaji, kwa sababu haina kosa lolote, ila haimsaidii msomaji kumtofautisha na waombaji wengine waliosifiwa kwa maneno yaleyale.

Chukulia mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, anayeomba shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo nchini Marekani. Vyuo vingi vya huko hutaka barua za wadhamini watatu. Yeye hajazi barua hizo. Anaandika jina na anwani ya kila mdhamini kwenye fomu ya mtandaoni, kisha mfumo wenyewe unamtumia mhadhiri kiungo cha kupakia barua. Mara nyingi, kabla ya kupakia, mhadhiri hukutana na maswali: umemfahamu mwombaji kwa muda gani? Kama mwalimu, msimamizi au mwajiri? Ukimlinganisha na wanafunzi wengine uliowafundisha, yumo katika asilimia 5 ya juu, 10 au 25? Kazi ya barua pepe yako ni kumpa mambo yatakayomwezesha kujibu maswali hayo kwa ukweli na bila kubahatisha.

Hivi ndivyo mhitimu wetu angeweza kuandika. Kichwa: "Ombi la barua ya mapendekezo, uzamili wa sayansi ya udongo, mwisho 15 Desemba".

"Shikamoo Dokta. Ulinifundisha somo la rutuba ya udongo, nikapata A, kisha ukasimamia utafiti wangu wa mwaka wa mwisho kuhusu fosforasi katika matuta ya mboga ya Mgeta. Ni mimi niliyerudia vipimo vya sampuli zote 24 baada ya wewe kuona kwamba matokeo ya awali hayalingani.

Naomba shahada ya uzamili katika vyuo viwili vya Marekani. Nimekuchagua kwa sababu wewe peke yako uliniona nikifanya kazi maabara na shambani, na wanaosoma maombi watataka kujua hilo. Je, unaweza kuniandikia barua itakayonisaidia kwa dhati? Kama nafasi hairuhusu, au unaona hunifahamu kiasi cha kutosha, nitaelewa kabisa.

Tarehe ya mwisho kwa vyuo vyote viwili ni 15 Desemba. Ukikubali, nitaingiza jina lako kwenye fomu, nawe utapokea kiungo moja kwa moja kutoka chuoni, si kutoka kwangu. Nimeambatanisha matokeo yangu, wasifu, muhtasari wa utafiti na rasimu ya maelezo ya malengo yangu. Naomba pia unijulishe anwani ya barua pepe unayopenda nitumie."

Jambo lenye nguvu kuliko yote katika ujumbe huo ni sampuli 24 zilizorudiwa. Alama A imo kwenye matokeo, na kila mtu ataiona. Habari ya vipimo vilivyorudiwa haimo popote isipokuwa katika kumbukumbu ya msimamizi, na ikishaamshwa inakuja na mengine: kwamba kijana alichagua njia ya Bray-1 kwa kuwa udongo ule una tindikali, kwamba alikubali kosa bila kubishana, kwamba aliandika upya sura nzima ya matokeo. Hayo ndiyo mambo anayoyataka mtu atakayekaa naye maabara miaka miwili. Kwa hiyo kabla ya kuandika, tafuta tukio moja au mawili ambayo mhadhiri aliyashuhudia kwa macho yake. Uongozi wako wa timu ya mpira aachiwe mdhamini aliyeuona.

Suala la alama linahitaji uangalifu wa pekee kwa mhitimu wa Tanzania. Vyuo vyetu hutumia wastani wa hadi 5.0, na daraja la pili la juu huanzia 3.5 hadi 4.3. Marekani wamezoea kipimo cha 4.0. Mtu akiona 3.9 bila maelezo anaweza kudhani uko karibu na kilele, na akigundua kipimo ni 5.0 anaweza kukushusha kupita haki. Mhadhiri ndiye awezaye kuiweka sawa kwa sentensi moja, akisema ulikuwa wa ngapi katika darasa la watu wangapi. Kama idara yako inatoa nafasi hiyo, itaje kwenye barua pepe ili asilazimike kuitafuta.

Usiingize jina lake kwenye fomu kabla hajakubali. Katika mifumo mingi kiungo hutumwa papo hapo, na mhadhiri anayeombwa na mashine kabla ya kuombwa na mtu ana kila sababu ya kukasirika. Anwani nayo ni muhimu: vyuo vingi hutaka ile ya kazini, inayoishia na ac.tz, kwa kuwa anwani ya Gmail mtu yeyote anaweza kuifungua kwa jina lolote. Tena kiungo hicho huangukia mara kwa mara kwenye Spam, kwa hiyo mwambie siku ulipokituma.

Fomu itakuuliza pia kama unaacha haki yako ya kuisoma barua. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 humpa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake za chuo, nawe unaruhusiwa kuiacha. Waombaji wengi huiacha, kwa sababu barua iliyoandikwa bila mwombaji kuchungulia huaminiwa zaidi.

Kuna jibu moja linalozoeleka huku kwetu: "Andika wewe, mimi nitasaini." Linatokana na kazi nyingi, si ubaya. Hata hivyo, barua mbili zenye sauti ya mtu mmoja hutambulikana, na ukiandika barua ambayo umetangaza hutaisoma, umelidanganya jopo. Mjibu kwa heshima kwamba utamwandalia ukurasa mmoja wa tarehe, alama na kazi ulizofanya chini yake, yeye aandike tathmini yake hata kama ni fupi. Wengi hukubali, maana kinachowachosha ni kutafuta taarifa.

Akijibu "Sawa, ingawa sikukumbuki vizuri", chukua hilo kama katazo la kistaarabu. Mshukuru, umwendee mwingine, hata kama cheo chake ni kidogo. Mhadhiri msaidizi aliyesimama nawe maabara atakuandikia barua nzito kuliko profesa aliyekuona kwa mbali ukumbini.

Mwandikie walau wiki nne kabla ya tarehe ya mwisho, na zaidi kama wiki hizo zinaangukia mitihani ya muhula. Wiki moja kabla, fungua fomu yako kwanza, kwa kuwa mifumo mingi huonyesha kama barua imefika. Ikiwa haijafika, mstari mmoja unatosha: "Dokta, nakumbusha kwa heshima: kiungo kilitumwa tarehe 20 Novemba na kitafungwa tarehe 15 Desemba, kama hukukiona, naweza kuomba chuo kikitume tena leo."