Kalemie: mwalimu aomba kazi ya uratibu wa mradi, barua yake yaandikwa mara tatu

Barua kumi na moja zilitoka, hakuna hata moja iliyompa kazi. Mwalimu huyu wa darasa la sita mjini Kalemie, jimbo la Tanganyika, ameomba jina lake lisitajwe kwa sababu angali anafundisha. Kwa miaka tisa ameshika chaki. Tangu mwaka jana anatafuta kazi ya uratibu katika mashirika yasiyo ya kiserikali, hasa kwenye miradi ya elimu kwa watoto wa wahamaji wa vita.

Barua za namna hii huandikwa kwa Kifaransa hapa kwetu. Tumeziona zake tatu, na vipande vyake tunavileta kwa Kiswahili.

Ya kwanza inafanana na nyingi. Inasema: «Mimi ni mtu mwenye bidii, nidhamu na moyo wa kufanya kazi na wengine. Kazi ya ualimu imenipa uzoefu mkubwa ambao utafaa katika shirika lenu.» Tulimwonyesha mtu mmoja ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akichambua maombi ya kazi katika shirika moja la mjini. Alisoma nusu dakika, akairudisha mezani.

«Ndugu mwandishi, mimi niko na karatasi yenye miraba,» alieleza. «Kila sharti lililo katika tangazo lina alama zake: diploma, miaka ya kupanga shughuli, kuongoza kikundi, kufuatilia matumizi ya pesa, kuandika ripoti. Bidii haina mraba. Huyu mama pengine anaweza kazi, lakini sina mahali pa kumpa alama.»

Hapo ndipo walimu wengi huanguka. Wanadhani aliye upande wa pili atajua mwenyewe kwamba mwalimu hupanga, husimamia na huandika. Lakini anayesoma ana rundo la barua na siku mbili za kulimaliza, na hatakufanyia kazi ya kutafsiri maisha yako.

Barua ya pili ilitoka kwa mdogo wake, ambaye ni dereva wa shirika na amezoea kusikia maneno ya ofisini. «Yaya, andika kama wao wanavyosema,» alimshauri. Basi darasa likageuka «wanufaika 91», daftari la mahudhurio likawa «mfumo wa ufuatiliaji na tathmini», na mwaka wa shule ukawa «mzunguko wa mradi». Barua hii ilimfikisha mbali kuliko ile ya kwanza: aliitwa kwa mahojiano. Swali la kwanza lilikuwa: mfumo wako wa ufuatiliaji ulikuwa na viashirio vingapi, na vilipimwa namna gani? Akanyamaza. Anasema aliona aibu kama mwanafunzi aliyekutwa na karatasi ya kuibia mtihani.

Ajabu ni kwamba jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelifunika kwa maneno ya kuazima.

Ya tatu ilianza na tukio moja. Septemba 2019, masomo ya bure yalipoanza katika shule za msingi za serikali, watoto ambao wazazi wao walishindwa kulipa walirudi kwa wingi. Kipande chenyewe kinasomeka hivi:

«Darasa langu lilitoka wanafunzi 52 hadi 91 katika wiki tatu, na madawati yalikuwa 24. Nilimpendekezea direkta tugawe makundi mawili, 46 asubuhi na 45 mchana, katika chumba kilekile. Nilitengeneza ratiba ya wiki kwa wiki na mwenzangu aliyeshika kundi la mchana, tukakutana kila Ijumaa kulinganisha masomo yaliyofundishwa na yaliyochelewa. Wazazi wa wasichana waliogopa watoto kurudi jioni. Baada ya mikutano mitatu na kamati ya wazazi, tulikubaliana wasichana wanaokaa mbali wawe kundi la asubuhi. Kabla ya Noeli, wanafunzi 84 walikuwa wangali darasani. Wale saba nilijua habari zao: wanne walihama na wazazi, watatu walienda kuvua samaki ziwani.»

Hakuna neno «uratibu» katika kipande hicho, lakini mchambuzi wetu alipokisoma alianza kuhesabu kwa vidole. Kuna tatizo lenye idadi, kuna ratiba, mtu wa pili anayeongozwa bila kuwa chini ya amri yake, wazazi wenye wasiwasi waliosikilizwa hadi mpango ukabadilishwa, na matokeo. Kilichomgusa zaidi ni wale saba. «Wengi wataniandikia kwamba walifaulu asilimia mia,» alisema. «Mratibu wa kweli ni yule anayejua nani ametoka kwenye orodha, na kwa nini.»

Mwalimu aliyatoa haya yote katika madaftari ambayo kila shule inayo. Daftari la mahudhurio lilimpa 91 na 84. Mpango wa masomo wa mwaka, ambao mwalimu huugawa kwa wiki kisha huusahihisha siku zinapopotea, ulimpa ratiba. Kumbukumbu za kamati ya wazazi zilimpa mikutano mitatu. Anayetaka kuandika barua kama hii aanze na madaftari hayo kabla ya kugusa kalamu, maana kichwa husahau, na namba ya kubuni huonekana haraka kwenye mahojiano.

Lilibaki sharti gumu: pesa. Tangazo lilitaka mtu aliyefuatilia bajeti ya mradi, na mwalimu hakuwahi. Angeweza kuliruka, lakini mraba ungebaki na sifuri. Aliandika sentensi tatu: «Sijafuatilia bajeti ya mfadhili. Nilishika kasha la kamati ya wazazi kwa ajili ya kutengeneza sakafu ya madarasa mawili, franga za Congo 340.000, nikaandika kila matumizi kwenye daftari na kuambatanisha risiti, kisha nikatoa hesabu mbele ya wazazi. Naomba muone hapo namna ninavyoshika pesa ya watu.»

Mchambuzi alisema angempa alama mbili juu ya tano. Ni kidogo, lakini mbili zimewahi kumvusha mtu. Na hapa kuna mpaka ambao barua, hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kuuvuka: ununuzi kwa kanuni za mfadhili na ripoti ya fedha ya kila robo mwaka havifundishwi darasani. Kwa hiyo ushauri wake ulikuwa mwalimu aache nafasi za mratibu mkuu, aombe za msaidizi wa mratibu au msimamizi wa shughuli za shambani, ambako kazi kubwa ni ratiba, orodha na watu.

Alifanya hivyo. Barua ya kumi na mbili, ukurasa mmoja, iliomba usaidizi katika mradi wa masomo ya kufidia kwa watoto waliopoteza miaka ya shule. Aliitwa kwa mtihani wa kuandika. Sehemu ya ratiba aliimaliza kabla ya wengine. Katika jedwali la bajeti palikuwa na kosa la kutafuta. Alilipata dakika za mwisho, jumla ya usafiri ilikuwa imehesabiwa mara mbili.

Aliambiwa amekuwa wa pili, na jina lake limewekwa akiba. Wiki hii bado anasubiri simu. Asubuhi anaita majina ya darasa lake kama kawaida, na hajamwambia direkta.